Uso wa Bibi Harusi Katikati ya Fukuto la Februari

Kwenye saluni moja ya Sinza, Dar es Salaam, mpambaji amemkalisha bibi harusi mtarajiwa kwenye kiti, lakini kabla ya kugusa uso anaomba mkono. Upande wa ndani wa mkono, pale ngozi ilipo laini, anachora mistari mitatu: wanja wa wotaprufu, lipstiki ya majimaji ile inayokauka mdomoni, na faundesheni ambayo boksi lake linaahidi saa 24.

Mistari inaachwa dakika kumi ikauke. Kisha mkono unapelekwa kwenye bomba. Maji yanapita juu, mistari imetulia. Mpambaji anakausha mkono kwa kitambaa, anadondosha tone moja la mafuta ya kupikia na kulisugua taratibu kwa ncha ya kidole. Haipiti nusu dakika, wanja umeshageuka wingu jeusi, lipstiki imeachia, na faundesheni inatembea na kidole.

Bibi harusi huyo alikuja na ombi moja, kwamba apakwe wotaprufu tupu, kuanzia kope hadi kidevu. Ndoa yake inafungwa saa nane mchana, picha ni ufukweni, na ukumbini watakaa hadi usiku wa manane. Ombi lake linaeleweka, kwa sababu ndivyo vipodozi hivi vinavyouzwa: kama ngao dhidi ya jasho. Tone lile la mafuta limemwonyesha kwamba ngao hiyo inalinda upande mmoja tu.

Uso wa mtu kwenye joto hutoa vitu viwili. Kimoja ni jasho, ambalo karibu lote ni maji yenye chumvi kidogo. Cha pili ni mafuta ya ngozi, yanayotoka kwenye vinyweleo na kujaa zaidi kwenye paji la uso, pua na kidevu. Wotaprufu hushindana na maji. Mafuta ya ngozi ni habari nyingine, na kwenye siku ndefu ya nje ndiyo yanayoharibu zaidi.

> Wotaprufu hushindana na maji. Mafuta ya ngozi yenyewe ni habari nyingine.

Kwa nini Pwani si Dodoma

Desemba hadi Machi ndiyo miezi mikali zaidi Dar es Salaam. Mchana joto hupita nyuzi 30, na hata usiku hewa haipoi kiasi cha kumpumzisha mtu. Lakini Dodoma nako kuna joto, na wapambaji wanaosafiri kikazi kati ya miji hiyo miwili wanajua kwamba mekapu ileile haiharibiki kwa namna ileile.

Tofauti iko kwenye unyevu wa hewa. Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Dodoma hewa ni kavu zaidi, kwa hiyo jasho hukauka karibu mara tu linapotoka, na tatizo la mpambaji huko ni ngozi kukauka na faundesheni kupasuka kwenye mikunjo ya mdomo. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hewa tayari imebeba maji mengi. Jasho halina pa kwenda. Linabaki juu ya ngozi kama matone, linateremka, na kwa kuwa mwili haujapoa, lingine linatoka nyuma yake.

Jambo la pili ni kwamba jasho hutoka chini ya mekapu. Mtu akinyeshewa na mvua, maji hugonga utando wa vipodozi kutoka nje, na utando mzuri wa wotaprufu huyarudisha. Jasho husukuma kutoka ndani. Likikuta utando mnene usio na pa kupitia, hukusanyika chini yake na kuuinua kutoka kwenye ngozi. Ndiyo maana mtu anaweza kuogelea na maskara yake ikabaki salama, halafu faundesheni ya jina lilelile ikamvuka kwenye foleni ya Mwenge.

Kinachobaki baada ya kukauka

Vipodozi vya kukaa muda mrefu si vya jana. Katika miaka ya 1930 mwimbaji wa Austria, Helene Winterstein-Kambersky, alitengeneza maskara ya kuhimili maji baada ya kuchoshwa na wanja uliomchuruzika chini ya taa za jukwaani. Mwaka 1950 mkemia wa New York, Hazel Bishop, aliingiza sokoni lipstiki ambayo haikuacha alama kwenye kikombe wala kwenye shavu la aliyebusiwa. Viambato vimebadilika sana tangu hapo, ila kazi ni ileile.

Ndani ya chupa ya leo kuna sehemu tatu. Kuna rangi. Kuna kimiminika chepesi kinachobeba rangi na kuyeyukia hewani baada ya kupakwa. Kinachotumika sana ni isododekeni. Na kuna kitu cha kushika, aina ya gundi laini ya silikoni au akrilati. Kimiminika kikishaondoka, gundi hubaki imeifunga rangi kwenye utando mwembamba unaojipinda pamoja na ngozi.

Kutokana na hilo, dakika zinazofuata baada ya kupaka zina uzito zaidi kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Kimiminika kisipopewa nafasi ya kuondoka, utando haufungi. Mpambaji anayepaka faundesheni, akaongeza konsila hapohapo na kufunika yote kwa poda, anafungia unyevu ndani ya tabaka zake. Kwenye kioo cha saluni uso utaonekana umekamilika. Baada ya saa moja nje utaanza kuteleza.

Lebo ina msaada kwa anayejua kuisoma. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi. Kama cha kwanza ni maji, yaani herufi a-q-u-a, na hakuna silikoni karibu, hiyo ni faundesheni nyepesi ya maji. Silikoni nyingi hutambulika kwa majina yanayoishia na herufi c-o-n-e. Bidhaa yenye isododekeni karibu na mwanzo wa orodha kwa kawaida ni ile inayokauka na kushika, na inataka kazi ya haraka: ikishakamata, haisawazishwi tena.

Neno wotaprufu lenyewe halimwambii mnunuzi itadumu muda gani. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa iliamua mwaka 2011 kwamba krimu za kuzuia jua zisiitwe tena wotaprufu wala zisidai kushinda jasho. Badala yake mtengenezaji aseme bidhaa inahimili maji kwa dakika 40 au dakika 80, kulingana na vipimo. Kanuni hiyo ni ya krimu za jua. Wanja na faundesheni havimo.

Mzozo wa tabaka

Mjini wapambaji wamegawanyika. Wapo wanaoamini kwamba siku ndefu inataka mzigo: praima uso mzima, faundesheni ya kufunika kila kitu, konsila nene chini ya macho, kisha poda nyingi iliyoachwa dakika kadhaa ikae kabla ya kufagiwa, mtindo wanaouita kuoka. Hoja yao si ya kubeza. Bibi harusi analipia mabadiliko yanayoonekana. Kamera na taa za ukumbini hula rangi, na uso uliopakwa kidogo unaweza kutoka kwenye picha kama haukupakwa kabisa. Mama mkwe naye atauliza hela imekwenda wapi.

Upande wa pili wanashikilia tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabla ya ijayo, na kufunika kwa nguvu kuwe pale tu penye doa. Wanasema mteja akipakwa nene anapendeza saa mbili za mwanzo, halafu saa nane zinazofuata ni za kukarabati.

Kwa hali ya hewa ya Pwani, fizikia iko na kundi hili la pili. Kuoka poda kulikuzwa na watu wa jukwaani na studio, mahali ambapo hewa inaweza kupozwa. Poda nyingi chini ya jicho, ikipata jasho, hugeuka uji. Uji huo hukauka kwenye mistari midogo ya ngozi, na bibi harusi wa miaka 26 anaanza kuonekana ana 40. Aidha, kadiri utando unavyokuwa mnene ndivyo unavyopasuka anapocheka, na kila ufa ni njia ya jasho kutokea.

> Poda nyingi chini ya jicho, ikipata jasho, hugeuka uji.

Kuna pia njia za mkato ambazo zimeenea kuliko zinavyostahili. Moja ni kupaka maziwa ya magnesia, dawa ya tumbo, kama praima. Ni kweli hunyonya mafuta na kuufanya uso uwe mkavu. Lakini ngozi kwa asili ina uasidi kidogo, na dawa hiyo ina alkali kali. Ikirudiwarudiwa huikausha ngozi na kuichokoza, na ngozi iliyochokozwa haishiki mekapu. Nyingine ni kupulizia usoni sprei ya nywele ili kufunga kazi. Gundi yake ilitengenezwa kwa ajili ya nywele. Usoni huwasha macho, huvuta ngozi, na kwenye jasho hunata mpaka vumbi linashika.

Kuusoma uso ulioharibika

Mekapu ikiharibika watu wengi husema imeyeyuka, basi. Mtu wa fani huangalia imeharibika vipi, kwa sababu kila namna ina chanzo chake na dawa yake.

Michirizi inayoshuka kutoka kwenye paji la uso au mbele ya masikio ni kazi ya maji. Bidhaa iliyo chini haikuhimili jasho, au haikuachwa ikakauka. Hapo kubadili faundesheni kunasaidia, na sprei ya kufunga iliyotengenezwa kuhimili maji inasaidia. Sprei nazo hazifanani: zile ambazo gundi yake huyeyuka kwa maji huvuta unyevu wa hewa, na kwenye fukuto uso hubaki na hali ya kunata.

Vitone vidogo kuzunguka pua, kama faundesheni imejitenga na kuacha vinyweleo wazi, ni kazi ya mafuta. Kuongeza wotaprufu hapo ni kupoteza fedha. Kinachohitajika ni kuanza na ngozi isiyo na mafuta ya kupaka, praima ya kupunguza mng'aro sehemu hiyo tu, na kufyonza mafuta kila baada ya saa chache.

Vipande vidogo vinavyojisokota kama uchafu wa kifutio vinapatikana pale bidhaa mbili zinapokataana, au ya chini ikiwa mbichi. Mara nyingi ni praima nzito ya silikoni iliyowekewa juu faundesheni ya maji, au krimu ya jua iliyopakwa nyingi na kukosa muda wa kutulia. Hili hugundulika mapema: tone la kila moja huchanganywa nyuma ya kiganja. Likichanganyika likawa laini, sawa. Likikatika kama maziwa yaliyoganda, hizo mbili zisikutane usoni.

Uso unaogeuka mweusi au wa kijivu kadiri saa zinavyokwenda ni tatizo la rangi iliyolowana na mafuta ya ngozi. Faundesheni nyingi hubadilika kidogo zikishakaa. Kwa sababu hiyo rangi haichaguliwi dukani chini ya taa nyeupe kwa sekunde tano. Hupakwa kwenye taya, mtu akatoka nje, akasubiri robo saa, ndipo akaangalia kwenye mwanga wa mchana.

Na ule weusi unaotanda chini ya jicho? Watu husema maskara haikuwa wotaprufu. Mara nyingi ilikuwa. Kilichotokea ni kwamba konsila yenye mafuta, au krimu ya macho, imepanda hadi kwenye kope za chini na kuilainisha. Kuna maskara ya aina nyingine ambayo haijulikani sana mitaani: ile inayovika kila ukope kifuko chembamba cha akrilati. Mafuta hayaiyeyushi, ila hutoka kwa maji ya uvuguvugu na kuvutwa kidogo. Kwa mwenye kope za macho zenye mafuta mengi, aina hiyo kope za chini, na wotaprufu ya kawaida kope za juu, ni mchanganyiko unaofaa kujaribiwa. Anayejijua kwamba atalia madhabahuni aijaribu kwanza nyumbani, kwa sababu machozi ni maji ya uvuguvugu.

Siku yenyewe, kuanzia saa nne asubuhi

Tuchukue ndoa ya saa nane mchana. Mpambaji anayejua Februari hufika saa nne, na jambo la kwanza analoliuliza ni chumba. Chenye dirisha dogo, watu kumi na pasi ya umeme inayochemka kando hakifai. Uso unaotoka jasho wakati unapakwa hautashika chochote. Kama hakuna kiyoyozi, basi feni mbili, na mashangazi watapiga stori sebuleni.

Uso unaoshwa kwa sabuni laini na kukaushwa kwa kubonyeza. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi kinawekwa usoni dakika mbili tatu ili ngozi ipoe. Barafu ikitumika, iwe ndani ya kitambaa na isitulie mahali pamoja.

Kinafuata kilainishi chepesi cha jeli, kiasi cha punje ya mbaazi. Ngozi ya mafuta nayo inahitaji hatua hii. Ikikaushwa kupita kiasi, faundesheni hushika kwa mabaka. Baada ya dakika tano inakuja krimu ya jua, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. SPF iliyo ndani ya faundesheni haitoshi, maana hakuna anayepaka faundesheni nyingi kiasi hicho. Hapa mpambaji husubiri robo saa nzima. Wengi huwa wanatengeneza nywele au kupanga vito.

Praima inakwenda katikati ya uso tu: pua, kati ya nyusi, kidevu, na juu ya mdomo, pale jasho linapoonekana kwanza. Mashavu hayaihitaji.

Faundesheni huanza na pampu moja, nusu upande huu, nusu ule. Hugongwagongwa kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa hadi isidondoshe tone. Kusugua huacha mistari. Kugonga huibana kwenye ngozi. Dakika tano za feni. Ndipo mpambaji anaangalia pale ambapo doa bado linaonekana na kuweka konsila hapo, kidogo, kwa brashi ndogo. Chini ya macho inatosha nukta mbili kwenye kona ya ndani.

Poda hubonyezwa kwa pafu iliyokunjwa, ikianzia katikati. Poda yenye mng'aro inaachiwa mashavu, na iwe kidogo. Kabla ya kuendelea, mtu apige picha moja ya simu kwa flashi. Baadhi ya poda nyeupe za silika hurudisha mwanga na kuacha uso wenye majivu, na ni afadhali hilo lijulikane saa sita mchana kuliko albamu ikishachapwa.

Blashi ya krimu chini, ya poda juu yake, zote nyembamba: mbili zikishikana hudumu kuliko moja nene. Rangi ya macho ya krimu, ile inayokamata baada ya dakika moja, hushinda ya poda tupu kwenye fukuto. Sprei ya kufunga hupulizwa kwa umbali wa urefu wa mkono hadi kiwiko, macho yamefumbwa, mara mbili, na katikati uso unaachwa ukauke wenyewe.

Saa saba uso uko tayari, na bado shela halijavaliwa. Hapo ndipo kazi nyingi huchafuka: gauni jeupe likipitishwa kichwani, faundesheni hubaki kwenye kola. Kitambaa chepesi cha hariri kikifunikwa usoni wakati wa kuvaa kinaokoa vyote viwili. Anayevaa hijabu afunge ile ya ndani kabla ya faundesheni, na mpambaji aishie sentimita moja kabla ya ukingo wa kitambaa, kisha avute kilichobaki kwenye sponji.

Mpambe, leso na pilau

Kuanzia kanisani hadi ukumbini, uso uko mikononi mwa mpambe. Mkoba wake hauhitaji vingi: tishu zisizo na manukato, pafu yenye poda kidogo, lipstiki, na feni ndogo ya mkononi.

Kanuni aliyopewa ni ya mpangilio. Jasho kwanza, kwa tishu iliyokunjwa mara mbili, kubonyeza na kuinua, sekunde tatu kila mahali. Kufuta hakuruhusiwi. Kisha feni. Poda ni ya mwisho, na ni pale tu penye mng'aro. Anayepaka poda juu ya jasho bichi anatengeneza udongo, na udongo huo hautoki tena bila kung'oa kilicho chini yake.

> Jasho kwanza, kisha feni, poda mwisho.

Picha za ufukweni zinafaa kusogezwa. Februari jua la Dar es Salaam huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hiyo kikao cha saa kumi na moja na nusu kina mwanga wa kutosha na joto pungufu. Wapiga picha wanaopangia saa tisa wanaiomba mekapu kazi ambayo hakuna chupa inayoiweza.

Ukumbini tatizo linahama. Kuna kiyoyozi, jasho limepungua, ila kuna sinia. Lipstiki ya majimaji ikikauka dakika mbili bila midomo kugusana hushinda soda, maji, na mabusu ya mashangazi. Haishindi pilau. Mafuta ya wali na ya kuku wa kukaanga huiyeyusha kuanzia katikati ya mdomo kwenda nje, na bibi harusi hubaki na duara la rangi lenye tundu. Kuongeza tabaka juu ya mafuta hayo huleta vipande vinavyobanduka. Mpambe afute mdomo wote kwa tishu, aukaushe, ndipo apake upya.

Bei, bandia na kilichomo

Kariakoo faundesheni ya jina kubwa inaweza kupatikana kwa sehemu ndogo ya bei yake halisi. Baadhi ni bandia. Nyingine ni halisi ila zimekaa juani kwenye meza ya barabarani, na joto hilo hutenganisha maji na mafuta ndani ya chupa. Dalili ni kimiminika kinachoelea juu hata baada ya kutikiswa, harufu ya mafuta yaliyochacha, au rangi isiyofanana kati ya pampu ya kwanza na ya tatu. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa vipodozi Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Boksi lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya viambato halistahili kuwekwa usoni kwa mtu, hata kama muuzaji ni rafiki.

Kuna suala zito zaidi, nalo linahusu bidhaa halisi. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Notre Dame cha Marekani walipima vipodozi 231 vilivyonunuliwa Marekani na Kanada, wakitafuta florini, kiashiria cha kemikali za kundi la PFAS. Hizi hufukuza maji na mafuta kwa pamoja, na ndiyo sababu huvutia watengenezaji. Pia karibu haziozi katika mazingira, na baadhi yake zimehusishwa na madhara ya kiafya. Zaidi ya robo tatu ya maskara za wotaprufu zilizopimwa zilikuwa na florini nyingi, na nyingi ya bidhaa zilizochunguzwa kwa kina hazikuzitaja kwenye lebo.

California imezuia vipodozi vilivyowekewa PFAS kwa makusudi tangu Januari 2025, na Ufaransa ikafuata Januari 2026. Mnunuzi wa huku anaweza kuanza na lebo: kiambato chenye herufi f-l-u-o-r-o katikati ya jina, au PTFE, ni sababu ya kurudisha boksi rafuni. Gundi za silikoni na akrilati zinafanya kazi ya siku ya harusi bila hizo.

Usiku wa manane bibi harusi amechoka na kitanda kinamwita, lakini utando uliotengenezwa kukaa hautoki kwa sabuni. Hapa yale mafuta yaliyoharibu mistari ya mkononi ndiyo yanayotakiwa. Pamba yenye mafuta ya kusafishia mekapu, au ya nazi kama ngozi haina chunusi, hulazwa juu ya jicho lililofumbwa kwa nusu dakika, kisha huvutwa chini mara moja, bila kusugua. Kusugua maskara kavu ya wotaprufu hukata kope. Uso mzima hupakwa mafuta, hukandwa dakika moja, hufutwa, kisha huoshwa kwa sabuni laini ili mafuta yenyewe yasibaki kuziba vinyweleo. Maskara iliyofunguliwa siku hiyo iandikwe tarehe kwenye mfuniko na itupwe baada ya miezi mitatu, na kama imezungushwa kwa wasindikizaji wote wa harusi, itupwe kesho yake.